Mein swichi imezimwa, soketi bado ina umeme: niliyojifunza kwenye inveta ya zahanati

Jengo likishafungwa inveta inayobadilisha chanzo yenyewe, kuzima mein swichi hakutoshi tena kusema jengo halina umeme. Kwa inveta, mein swichi iliyozimwa ni sawa na umeme uliokatika. Inafanya kazi iliyonunuliwa kufanya: ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde inachukua mzigo na kuendelea kuulisha kwa betri. Taa za korido zinazimika, feni inasimama, na mtu aliyeshika bisibisi anaamini yuko salama. Soketi iliyo mbele yake bado ina volti 230.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwenye zahanati moja ya kijiji mkoani Morogoro, nami niliitwa baada ya tukio. Kijana mmoja alikuwa anabadilisha soketi ya friji ya chanjo iliyokuwa imelegea. Alizima mein swichi, akaona taa ya korido imezimika, akafungua soketi. Kidole gumba kiligusa terminali ya waya wa moto, kidole cha shahada kikagusa ya nyutro. Aliungua vidole viwili na kurushwa nyuma hadi ukutani. Alipona. Mganga mfawidhi aliponipigia, sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Fundi, naomba unieleze vizuri, maana mein swichi tuliizima kweli, mimi mwenyewe nilikuwepo."

Waliizima kweli. Kwa hiyo nianze na mpangilio wenyewe.

Zahanati ile ina inveta ya kVA 3 inayotumia betri ya volti 24. Inveta kama hiyo haiwezi kubeba jengo zima, na haitakiwi kulibeba. Kinachofanyika ni kugawa saketi makundi mawili. Kundi la kwanza hubaki kwenye boksi kuu la breka na hulishwa na umeme wa TANESCO peke yake: mashine ya kuchemshia vifaa inayokula wati elfu mbili, feni kubwa, soketi za ofisi, taa za korido na taa za nje. Kundi la pili ni saketi za lazima, nazo huhamishiwa kwenye boksi dogo pembeni: friji ya chanjo, taa za chumba cha kujifungulia, mashine ya kukusanya oksijeni na kompyuta ya kumbukumbu. Boksi kuu linatoa waya kwenda kwenye mlango wa kuingilia wa inveta, na mlango wa kutokea unalisha boksi dogo.

Ndani ya inveta kuna rilei, swichi inayojigeuza yenyewe kwa koili. Gridi ikiwepo, rilei inaunganisha mlango wa kuingilia moja kwa moja na wa kutokea, kwa hiyo mzigo unakula umeme wa gridi wakati betri inachajiwa. Gridi ikitoweka, rilei inaachia gridi kwanza, halafu ndipo inashika upande wa betri. Mpangilio huo wa kuachia kabla ya kushika ndio kiini cha kifaa hiki, kwa sababu vyanzo viwili visivyokwenda kwa mapigo mamoja vikikutana kwenye waya mmoja, inveta inaweza kuungua papo hapo. Inveta nyingi za aina hii hukamilisha kazi hiyo kwa milisekunde 10 hadi 20. Friji haihisi chochote. Kompyuta nyingi nazo huvumilia, ingawa milisekunde 20 ni ukingoni mwa uvumilivu wao.

Wengine hujenga mabadiliko hayo nje ya inveta kwa kontakta mbili, moja ya gridi na nyingine ya inveta. Hapo kila kontakta lazima izuiwe na mwenzake kwa namna mbili: kwa waya, ili koili ya moja isipate umeme wakati nyingine imeshika, na kwa kipande cha chuma au plastiki kinachozizuia kimwili zisibonyee pamoja. Kizuizi cha waya peke yake hakitoshi, kwa sababu kontakta iliyoungua inaweza kubaki imeshika hata koili yake ikiwa haina umeme.

Sasa turudi kwa yule kijana. Alichokosa si ujuzi wa kufunga soketi. Hakujua kwamba soketi ile ina vyanzo viwili, na hakuna kitu chochote ukutani kilichomwambia. Boksi kuu halikuwa na kibandiko. Soketi za lazima zilikuwa nyeupe kama nyingine zote. Alithibitisha kwa taa ya korido, yaani saketi nyingine kabisa. Hapa nasema kwa mkazo kwa sababu nimeona mafundi wazoefu wakifanya vivyo hivyo: kupimia umeme wa saketi moja kwa kuangalia taa ya saketi nyingine hakuna maana kwenye jengo lenye inveta. Unapima pale pale unapotaka kushika, kwa testa ya nguzo mbili: moto na nyutro, moto na ardhi, nyutro na ardhi. Na testa yenyewe unaijaribu kwanza mahali penye umeme unaoujua, halafu unaijaribu tena ukimaliza, ili usije ukaamini testa iliyokufa.

Jambo lingine ni kwamba aliposhika moto na nyutro kwa vidole viwili, hakuna breka hata moja ambayo ingemwokoa. Breka ya kawaida inaona mkondo mdogo tu kama wa taa. Breka ya kuvuja umeme, ile mafundi wanayoiita RCD, inaangalia kama mkondo uliotoka kwa waya wa moto umerudi wote kwa nyutro. Kwake yeye ulirudi wote, umepitia vidoleni. Kwa hiyo pale kinga pekee ilikuwa kuzima chanzo sahihi na kupima.

Nilipoanza kukagua niliomba friji ihamishiwe kwa muda kwenye waya wa nje, kwa sababu chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za selisiasi na sikutaka kazi yangu iziharibu. Halafu nilifungua boksi dogo. Nilikuta RCD ipo, imefungwa vizuri, lakini vipande viwili vya waya vimeunganisha juu yake na chini yake. Ilikuwa imerukwa. Mkondo ulikuwa unapita pembeni, RCD imebaki pambo.

Sista aliyekuwepo tangu inveta ilipofungwa alinieleza sababu bila mimi kuuliza sana. "Ile swichi ilikuwa inaruka kila tukiwasha taa, fundi. Yule aliyefunga akaja akasema ni mbovu, akairekebisha."

Haikuwa mbovu. Ilikuwa inasema ukweli, na ukweli wenyewe nilioupata kwa mita ya koleo. Nilipitisha waya wa moto na wa nyutro unaolisha boksi dogo kwa pamoja ndani ya mdomo wa koleo. Ikiwa kila kitu kiko sawa, mikondo miwili inafutana na mita inasoma sifuri au karibu na sifuri. Mimi nilisoma ampea 1.6. Maana yake ampea 1.6 zilikuwa zinatoka kwa waya wa moto wa boksi dogo, lakini zinarudi kwa njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwa mkanda wa nyutro wa boksi kuu. Aliyefunga alihamisha nyaya za moto za saketi za lazima kwenda boksi dogo, lakini nyutro za taa na za kompyuta aliziacha zilipokuwa. Bila shaka alipojaribu kwa betri taa hazikuwaka, kwa kuwa inveta ikiwa kwenye betri inaachia moto na nyutro vyote viwili vya upande wa gridi, na nyutro ya boksi kuu haikuwa na njia ya kurudi kwake. Akaongeza waya mmoja kutoka nyutro ya kutokea ya inveta hadi mkanda wa boksi kuu. Taa zikawaka. RCD ikaanza kuruka, kwa sababu sasa mkondo ulipita kwake ukienda, na kurudi bila kupita kwake. Akairuka.

Kosa hili nimelikuta mara nyingi kuliko lingine lolote, na mara nyingi linaanzia hapo hapo: waya wa moto unahamishwa, nyutro inasahauliwa. Hatari yake haiishii kwenye RCD. Nyutro iliyoachwa kwenye boksi kuu inafanya saketi zinazodhaniwa zimekufa ziwe zimeunganika na inveta iliyo hai. Fundi akizima mein swichi na kufungua kiungo cha nyutro cha feni ya ofisi, anaweza kukuta mkondo wa taa za chumba cha kujifungulia unapita mle. Akiukata waya huo mahali pabaya, ncha moja inabaki na volti 230 kupitia taa zilizowashwa. Ni nyutro kwa rangi tu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kufuata kila saketi ya lazima, waya kwa waya, na kuhamisha nyutro yake hadi mkanda wa nyutro wa boksi dogo. Ule waya wa kuunganisha mikanda miwili niliutoa. Mita ya koleo ikasoma sifuri. Nikaondoa vile vipande viwili vya waya, RCD ikashika na haikuruka tena. Haikuhitaji kubadilishwa.

Kwa fundi anayefanya kazi ya nyumba zisizo na inveta, kazi ingeishia hapo. Huku ndipo inapoanza sehemu ngumu zaidi.

Nilibonyeza kitufe cha kujaribia cha RCD wakati gridi ipo, ikaruka. Nikazima mein swichi ili inveta ihamie kwenye betri, nikabonyeza tena, ikaruka. Mganga mfawidhi aliyekuwa pembeni akafurahi. "Basi inafanya kazi kote kote." Nikamwomba asubiri kidogo. Nikachomeka kipimo cha RCD kwenye soketi ya friji, kile kinachovujisha mkondo halisi wa miliampea 30 kutoka waya wa moto kwenda waya wa ardhi. Kwenye gridi, RCD iliruka kama inavyotakiwa. Kwenye betri haikuruka. Kipimo kilikaa mpaka muda wake ukaisha.

Sababu ni kwamba kitufe cha kujaribia hakigusi ardhi kabisa. Kinavujisha mkondo kidogo kutoka moto kwenda nyutro kwa kuzunguka koili ya ndani, kwa hiyo kinathibitisha kwamba RCD yenyewe ni nzima. Hakithibitishi kwamba mkondo ukivuja ardhini utapata njia ya kurudi kwenye chanzo. Na njia hiyo haikuwepo.

Umeme wa gridi, nyutro yake imefungwa ardhini kule kwenye transfoma. Mtu akigusa waya wa moto amesimama chini, mkondo unapita mwilini, unaingia ardhini na kurudi transfoma, na RCD inaona upungufu. Inveta ikiwa kwenye betri imekata nyutro ya gridi, kwa hiyo nyutro yake inaelea. Haijafungwa popote. Niliipima kwa mita: nyutro na ardhi, volti 108. Ile namba isiyo sifuri wala 230, iliyo karibu na nusu, ndiyo dalili ya kawaida ya nyutro inayoelea. Inatokana na vichujio vidogo ndani ya inveta na vifaa, na kwa kawaida haina nguvu ya kumuumiza mtu, lakini inakueleza kila kitu kuhusu mfumo.

Kuna wanaosema nyutro inayoelea ni salama zaidi, kwa kuwa ukigusa waya mmoja hakuna njia ya mkondo kurudi. Kwa kosa la kwanza, hoja yao ina mantiki. Shida ni kwamba kosa la kwanza linakaa kimya. Waya wa moto wa friji ukichubuka na kugusa bodi iliyofungwa ardhini, hakuna breka itakayoruka, hakuna taa itakayozimika. Tangu dakika hiyo, waya wa moto ndio uliofungwa ardhini, na nyutro ndiyo yenye volti 230 kulinganisha na sakafu. Atakayegusa nyutro kwenye holda ya taa akiamini haina neno, atapigwa kwa nguvu zote. Kwenye zahanati yenye sakafu inayopigwa deki kila asubuhi na watu peku, siwezi kuacha mfumo wa namna hiyo.

Dawa yake ni kuunganisha nyutro ya inveta na ardhi, lakini wakati wa betri peke yake. Ukiiunganisha moja kwa moja na kuiacha, gridi ikirudi nyutro ya gridi itakuwa imegusana na ardhi ndani ya jengo, sehemu ya mkondo wa nyutro itapita kwenye waya wa ardhi, na RCD ya boksi kuu itaruka. Ndiyo maana panahitajika rilei inayofunga kiungo hicho inveta inapohamia kwenye betri na kukifungua gridi inaporudi. Baadhi ya inveta zina rilei hiyo ndani, imezimwa tu kwenye mipangilio. Nyingine zinatoa terminali ndogo ya ishara ambayo unaweza kuendeshea rilei ya nje. Nyingine hazina vyote viwili, na hizo sizifungi mahali penye watu wengi.

Ya zahanati ile ilikuwa na terminali ya ishara. Nilifunga rilei, nikazima mein swichi, nikapima: nyutro na ardhi, chini ya volti moja. Nikarudia kile kipimo cha RCD kwenye soketi ya friji, sasa kwenye betri. Ikaruka mara moja. Nikawasha mein swichi, gridi ikarudi, nikasikiliza rilei ikiachia, na RCD ya boksi kuu ikatulia. Nilimwachia mganga mfawidhi dalili ya kuangalia: ikiwa siku moja RCD ya boksi kuu itaanza kuruka kila umeme unaporudi baada ya kukatika, ashuku rilei hiyo imeganda ikiwa imefunga.

Hata kinga ya ardhi ikikamilika, kuna jambo ambalo inveta haiwezi kulifanya kama gridi, nalo ni kuangusha breka za kawaida. Breka ya C20 inahitaji ampea 100 hadi 200 ili iruke papo hapo kwa shoti. Gridi inatoa mkondo huo na zaidi bila shida. Inveta ya kVA 3 uwezo wake wa kawaida ni ampea 13, na kwa sekunde chache inaweza kufika kama mara mbili ya hapo. Shoti ikitokea ikiwa kwenye betri, breka ya C20 haitambui kitu. Inveta ndiyo inayojizima ili isiungue. Matokeo yake ni kwamba waya mmoja ulioharibika kwenye kompyuta ya kumbukumbu unazima chumba cha kujifungulia na friji ya chanjo kwa pamoja, na hakuna breka iliyoshuka ya kukuonyesha kosa liko wapi.

Nilipunguza makali ya tatizo hilo, sikuliondoa. Breka za C20 zilizokuwepo nilizibadilisha: taa zikapata B6, ambayo inahitaji ampea 18 hadi 30 kuruka papo hapo, kiwango ambacho inveta ile inaweza kukifikia, ingawa si hadi juu kabisa. Friji, oksijeni na kompyuta nikazipa kila moja breka yake yenye RCD ndani, ili uvujaji wa kompyuta uangushe kompyuta peke yake. Lakini shoti kubwa bado inaweza kuizima inveta kabla breka haijaruka. Nilimweleza mganga mfawidhi hivyo hivyo, na tukakubaliana utaratibu: inveta ikijizima na kuonyesha kosa, breka zote za boksi dogo zinashushwa, inveta inawashwa, halafu breka zinapandishwa moja moja kuanzia friji. Itakayoizima tena ndiyo yenye shoti, inabaki chini mpaka fundi afike.

Mpangilio mwingine nilioubadilisha ulikuwa wa kiwango cha volti. Inveta nyingi za aina ile zina chaguo mbili kwenye skrini, `APL` na `UPS`. Ikiwa kwenye `APL`, inakubali gridi ikiwa popote kati ya volti 90 na 280, na kuipitisha hivyo hivyo kwenye mzigo. Kijijini jioni volti hushuka sana, na kompresa ya friji ikipewa volti 140 inaweza kushindwa kuanza, ikakaa inanguruma na kuchemka mpaka koili iungue. Mabadiliko otomatiki yanakuwa hayajafanya lolote, kwa kuwa kwa inveta gridi "ipo". Kwenye `UPS` kikomo cha chini kinapanda hadi volti 170, na chini ya hapo inahamia kwenye betri. Ilikuwa kwenye `APL`. Niliihamisha, na mbele ya friji nikafunga kinga ya volti inayosubiri dakika tatu kabla ya kuruhusu kompresa iwake tena baada ya umeme kukatika. Volti 170 bado ni chache kwa kompresa, na kinga hiyo niliiweka ikate chini ya 190.

Kisha nikapima kitu ambacho wenye jengo hawakioni, lakini mafundi wa TANESCO juu ya nguzo maisha yao yanakitegemea. Inveta ikiwa kwenye betri, mlango wake wa kuingilia hautakiwi kuwa na umeme hata kidogo. Rilei ya ndani ikiungua na viguso vyake vikashikamana, umeme wa betri unaweza kurudi nyuma, ukapita mein swichi, ukafika kwenye transfoma na kupandishwa hadi volti maelfu kwenye laini ambayo watu wameizima ili waitengeneze. Nilizima breka inayolisha inveta, nikaweka testa kwenye mlango wa kuingilia, moto na nyutro, kila mmoja na ardhi. Sifuri. Kipimo hicho nakirudia kila ninapokuja kukagua, kwa sababu rilei inachakaa kwa kila kukatika kwa umeme. Na ndiyo maana mtu asinipe mfumo wa waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili unaochomekwa kwenye soketi kulisha nyumba. Nimekuta nyumba zinazotumia hivyo. Hapo hakuna rilei wala kontakta ya kukosea. Vyanzo viwili vimetenganishwa na kumbukumbu ya mtu tu.

Kwa upande wa kuzima, tuliandika bango kwa herufi kubwa na kulibandika kwenye boksi zote mbili na kwenye inveta: JENGO HILI LINA VYANZO VIWILI VYA UMEME. Chini yake mpangilio wa hatua. Zima mein swichi. Zima inveta kwa kitufe chake. Zima swichi ya kutoa ya boksi dogo na uifunge kwa kufuli. Kama kazi ni kwenye inveta au betri, zima pia swichi ya betri, ambayo ni ya umeme wa DC, si breka ya kawaida ya ukutani, kwa maana breka ya kawaida inaweza kushindwa kuzima cheche ya betri. Pima pale unapogusa. Soketi za lazima tulizibadilisha vifuniko kuwa vyekundu, na hilo lilitatua tatizo la pili ambalo sista alikuwa amelalamikia: watu walikuwa wanachomeka birika la umeme humo. Gridi ikiwepo birika linachemsha bila shida kwa kuwa rilei inapitisha tu. Umeme ukikatika katikati ya kuchemsha, wati elfu mbili zinaangukia inveta pamoja na friji inayoanza, na inveta inajizima kwa kuzidiwa.

Mganga mfawidhi aliuliza swali moja ambalo ningependa kila mwenye inveta aulize. "Na hii inveta yenyewe ikifa, umeme wa TANESCO upo, itakuwaje?"

Saketi za lazima zinazima zote. Kila kilicho muhimu kuliko vingine kimewekwa nyuma ya kifaa kimoja, na kifaa hicho kikiharibika, mashine ya kuchemshia na feni za ofisi zinaendelea kufanya kazi wakati friji ya chanjo imezimika. Kwa hiyo kati ya inveta na boksi dogo nilifunga swichi ya mkono ya nafasi tatu: 1 ni inveta, 0 ni kuzima, 2 ni gridi moja kwa moja. Inakata moto na nyutro kwa pamoja, na haiwezi kutoka 1 kwenda 2 bila kupita 0. Nafasi hiyo ya 0 ndiyo hiyo swichi ya kutoa inayofungwa kwa kufuli kwenye bango. Ilibidi niijaribu ikiwa inafanya kazi na mzigo wote, kwa kuwa nafasi ya 2 inaondoa kila nilichokieleza kuhusu betri: nyutro inarudi kuwa ya gridi, breka zinapata mkondo wa kutosha, na kinga ya ardhi inabaki ya RCD peke yake, bila kutegemea ile rilei ya nyutro.

Sista ndiye aliyechaguliwa kuwa na ufunguo wa kufuli. Aliigeuza mwenyewe mbele yetu, 1, 0, akangoja, 2. Friji ilinyamaza, kinga ya volti ikahesabu dakika zake tatu, kompresa ikawaka. Akaandika saa kwenye daftari la joto la friji, akarudisha 1.